R² hupanda kila ukiongeza kigeu: sababu yake, na kazi halisi ya R² iliyorekebishwa

Chukua modeli yoyote ya regresheni ya mstari, ongeza ndani yake safu ya namba ulizozipata kwa kurusha dadu, kisha iendeshe upya. R² itapanda. Dadu haijui chochote kuhusu mavuno, kodi ya nyumba au alama za mtihani, lakini R², yaani sehemu ya mtawanyiko ambayo modeli inadai kuieleza, itapanda tu. Ukiongeza safu ya pili ya dadu, itapanda tena.

Wengi wameshasikia kwamba dawa ya tatizo hili ni R² iliyorekebishwa, na wanaijua kama "ile inayoadhibu vigeu visivyofaa". Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watu. Katika mwongozo huu tutafuata mfano mmoja mpaka mwisho, kwa hesabu unazoweza kuzirudia mwenyewe, ili uone R² inapandishwa na nini, marekebisho yanaondoa nini hasa, na yanaacha nini bila kuguswa.

Tutatumia data ya `mtcars` inayokuja ndani ya programu ya R, kwa hiyo huhitaji kupakua chochote. Ina magari 32, na takwimu zake zilitolewa katika jarida la Motor Trend la Marekani mwaka 1974. Kigeu tegemezi ni `mpg`, yaani maili ambazo gari linakwenda kwa galoni moja ya mafuta. Vitabiri viko kumi. Tutakavyovitumia zaidi ni `wt` (uzito wa gari kwa maelfu ya pauni), `hp` (nguvu za farasi), `am` (0 kwa gari la otomatiki, 1 kwa gari la kubadilisha gia kwa mkono) na `disp` (ujazo wa injini).

Hatua ya 1: Hesabu R² kwa mkono mara moja

Kabla ya kuwa na modeli yoyote, ukiulizwa gari fulani linakwenda maili ngapi kwa galoni, jibu lako bora ni wastani wa magari yote, ambao ni 20.09. Kila gari litakuwa mbali na wastani huo kwa kiasi fulani. Ukipandisha kila tofauti kwenye mraba, kisha ukazijumlisha, unapata 1126.05. Hiyo ndiyo jumla ya mtawanyiko wa `mpg`, na haibadiliki hata ujenge modeli ya namna gani, kwa sababu inatokana na `mpg` peke yake.

Sasa weka uzito:

```r
m1 <- lm(mpg ~ wt, data = mtcars)
summary(m1)
```

Modeli inasema mpg = 37.29 − 5.34 × wt: kila pauni elfu moja za ziada zinalipunguzia gari maili tano na kidogo kwa galoni. Tofauti kati ya `mpg` halisi na ile iliyotabiriwa ndiyo tunaita mabaki. Ukipandisha mabaki ya magari yote kwenye mraba na kuyajumlisha, unapata 278.32. Kwa hiyo katika mtawanyiko wa 1126.05, zimebaki 278.32 ambazo uzito haukuweza kuzieleza.

R² = 1 − 278.32 / 1126.05 = 0.7528

Angalia vizuri fomula hii, kwa sababu jibu la swali letu limo ndani yake. Namba ya chini, 1126.05, imefungwa. Kinachoweza kubadilika ni ile ya juu tu. Kwa hiyo kuuliza kwa nini R² hupanda ni sawa na kuuliza kwa nini jumla ya mraba wa mabaki haiongezeki kamwe unapoongeza kitabiri.

Hatua ya 2: Ona kwa nini haiwezi kushuka

Tuongeze `am` kwenye modeli. Kompyuta sasa inatafuta namba tatu badala ya mbili: namba ya kuanzia, koefishenti ya uzito na koefishenti ya gia. Inazitafuta kwa sharti moja tu, kwamba jumla ya mraba wa mabaki iwe ndogo kuliko inavyoweza kuwa kwa namba nyingine zozote.

Miongoni mwa machaguo yote iliyonayo, kuna hili: ibaki na 37.29 na −5.34 kama zilivyokuwa, kisha iipe gia koefishenti ya sifuri. Ikifanya hivyo inapata modeli ileile ya mwanzo na mabaki yaleyale, 278.32. Modeli ya zamani imo ndani ya modeli mpya. Basi katika hali mbaya kabisa kompyuta itachagua sifuri na R² itabaki palepale. Ikiona namba nyingine inayopunguza mabaki hata kwa chembe, itaichukua. Njia ya kushuka haipo.

Na sifuri kamili karibu haitokei. Ingetokea pale tu ambapo, katika magari haya 32, sehemu ya `am` isiyoelezwa na uzito haina uhusiano wowote na mabaki ya modeli ya kwanza, yaani uhusiano wa sifuri hadi tarakimu ya mwisho. Katika data halisi daima kuna kiuhusiano kidogo kilichotokea kwa bahati, na kompyuta, isiyo na namna ya kutofautisha bahati na ukweli, inakitumia.

```r
m2 <- lm(mpg ~ wt + am, data = mtcars)
summary(m2)
```

Koefishenti ya `am` inatoka −0.024, na kosa sanifu lake ni 1.55. Yaani makadirio yenyewe ni madogo kuliko kosa lake zaidi ya mara sitini. Gia, ukishajua uzito wa gari, haituambii chochote hapa. Hata hivyo R² imepanda. Kwenye skrini utaona 0.7528 palepale kwa sababu programu inakatisha kwenye tarakimu nne, lakini ukiitoa kwa ukamilifu kwa `summary(m2)$r.squared` utaona imesogea mbele sehemu kama mbili katika milioni. Hicho ndicho kigeu dhaifu kuliko karibu vyote utakavyokutana navyo, na bado R² haikukubali kusimama.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa zawadi ya bure

Kujua kwamba R² inapanda haitoshi. Swali lenye faida ni hili: kigeu kisicho na maana yoyote huipandisha kwa kiasi gani, kwa wastani? Ukijua kiasi hicho unaweza kukitoa.

Rudi kwenye `m1`. Ina mabaki 32, lakini mabaki hayo hayako huru yote. Njia ya mraba mdogo kabisa inayalazimisha kutii masharti mawili: jumla yake iwe sifuri, na jumla yake baada ya kuzidisha kila moja kwa uzito wa gari lake iwe sifuri pia. Ukiniambia mabaki ya magari 30, nitakokotoa ya magari mawili yaliyobaki bila kuuliza. Ndiyo maana tunasema kuna digrii 30 za uhuru. Kila kitabiri unachoongeza kinaleta sharti jingine na kula digrii moja.

Safu ya namba za bahati nasibu haielekei upande wowote maalumu. Katika ile nafasi ya mabaki yenye pande 30 huru, safu hiyo inaangukia upande mmoja bila upendeleo, na kwa wastani inafyonza sehemu moja ya thelathini ya mabaki yaliyobaki. Katika `m1` sehemu isiyoelezwa ni 0.2472, kwa hiyo safu moja ya takataka inatarajiwa kuongeza R² kwa 0.2472 / 30, ambayo ni kama 0.008. Ni kidogo. Lakini rudia:

```r
set.seed(7)
d <- mtcars[, c("mpg", "wt")]
for (k in 1:15) {
  d[[paste0("z", k)]] <- rnorm(32)
  s <- summary(lm(mpg ~ ., data = d))
  cat(k, round(s$r.squared, 4),
      round(s$adj.r.squared, 4), "\n")
}
```

Kila mzunguko unaongeza safu moja mpya ya namba za bahati nasibu na kuchapisha R² na R² iliyorekebishwa. Badilisha namba iliyo ndani ya `set.seed` uendeshe tena mara kadhaa. Safu ya pili ya matokeo, R², itapanda bila kurudi nyuma hata hatua moja, kila mara. Safu ya tatu, R² iliyorekebishwa, itayumba, mara juu, mara chini.

Hesabu ya wastani inasema nini? Baada ya safu 15 za takataka, digrii za uhuru zimebaki 15 kati ya 30, kwa hiyo nusu ya mabaki imefyonzwa. Sehemu isiyoelezwa inashuka kutoka 0.2472 hadi 0.1236, na R² inafika 0.876. Sasa linganisha: modeli yenye vitabiri vyote kumi halisi vya `mtcars`, uzito, nguvu, silinda, ujazo wa injini na vinginevyo, ina R² ya 0.869. Uzito pamoja na safu 15 zisizo na maana yoyote, kwa wastani, unazishinda takwimu zote halisi za magari hayo.

Ukiendelea hadi vitabiri viwe 31 kwa jumla, digrii za uhuru zinaisha, mabaki yote yanakuwa sifuri, na R² inakuwa 1 kamili. Modeli hiyo imekariri magari 32 na haijui lolote kuhusu gari la 33.

Hatua ya 4: Weka marekebisho

Fomula iliyoenea inahusishwa na Mordecai Ezekiel, mchumi wa kilimo wa Marekani, aliyeifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Wazo lake ni jepesi: badala ya kulinganisha jumla mbili za mraba, linganisha wastani wake, ukigawa kila jumla kwa digrii zake za uhuru.

```
R2rek = 1 - (mabaki / (n - p - 1)) / (jumla / (n - 1))
```

Hapa n ni idadi ya uchunguzi na p ni idadi ya vitabiri bila kuhesabu namba ya kuanzia. Kosa la mara kwa mara ni kuhesabu p vibaya. Kigeu cha makundi chenye makundi matano, mathalani mkoa, kinaingia kwenye modeli kama safu nne, na zote nne zinahesabiwa.

Tuhesabu. Jumla ya mtawanyiko ikigawanywa kwa 31 inatoa 36.32, na hii haibadiliki. Kwa `m1`, 278.32 / 30 = 9.28, na R² iliyorekebishwa ni 1 − 9.28 / 36.32, yaani 0.7446.

Kwa `m2`, yenye gia, mabaki ni yaleyale 278.32 kwa tarakimu mbili, lakini sasa yanagawanywa kwa 29. Tunapata 9.60, na R² iliyorekebishwa inashuka hadi 0.7358. Tumetumia digrii moja ya uhuru na hatukupata kitu.

Jaribu sasa kuongeza `hp` badala ya `am`. Mabaki yanashuka hadi 195.05. Yakigawanywa kwa 29 yanatoa 6.73, na R² iliyorekebishwa inapanda hadi 0.8148. R² ya kawaida ni 0.8268. Digrii moja ileile ya uhuru imelipa mara nyingi.

Turudi kwenye zile safu 15 za takataka. Sehemu isiyoelezwa kwa wastani ilikuwa 0.1236, na digrii za uhuru 15. Ukiweka kwenye fomula, 0.1236 × 31 / 15 = 0.2554, na R² iliyorekebishwa ni 0.7446. Ni namba ileile ya `m1`. Hii haikutokea kwa bahati. Fomula imetengenezwa iondoe kiasi kilekile ambacho takataka inatarajiwa kuongeza, si zaidi. Ndiyo maana nasema neno "adhabu" linapotosha. Kigeu kisicho na maana hakiadhibiwi. Kinanyang'anywa tu kile kilichokipata bure, na kwa wastani R² iliyorekebishwa inabaki ilipokuwa.

Hili pia linaeleza kwa nini R² iliyorekebishwa inaweza kuwa hasi, jambo linalowashtua wengi wanapoliona kwa mara ya kwanza. Ukitabiri `mpg` kwa safu kumi za takataka tupu, R² inatarajiwa kuwa 10/31, kama 0.32. Mtu asiyejua ataandika kwamba modeli yake "inaeleza asilimia 32". Iliyorekebishwa itazungukazunguka sifuri, na karibu nusu ya wakati itakuwa chini yake. Namba hasi haina maana ya kina: inasema tu kwamba modeli imefanya vibaya hata kuliko takataka ya wastani.

Hatua ya 5: Itumie kupunguza vigeu, na uone kizingiti chake

Sasa tuanze na vitabiri vyote kumi, tukitoa kimoja kimoja, kila mara kile ambacho kutoka kwake kunaongeza mabaki kidogo zaidi. Hii ni njia ambayo amri ya `step` katika R inaifuata kwa data hii.

| Kilichotolewa | Vitabiri vilivyobaki | Mabaki | R² | R² iliyorekebishwa |
|---|---|---|---|---|
| (hakuna) | 10 | 147.49 | 0.8690 | 0.8066 |
| cyl | 9 | 147.57 | 0.8689 | 0.8153 |
| vs | 8 | 147.84 | 0.8687 | 0.8230 |
| carb | 7 | 148.53 | 0.8681 | 0.8296 |
| gear | 6 | 150.09 | 0.8667 | 0.8347 |
| drat | 5 | 153.44 | 0.8637 | 0.8375 |
| disp | 4 | 160.07 | 0.8578 | 0.8368 |
| hp | 3 | 169.29 | 0.8497 | 0.8336 |

Ukisoma safu ya R² kutoka juu kwenda chini, kila hatua ni hasara, kama tulivyotarajia. Ukisoma ile ya mwisho, kutoa vigeu vitano vya kwanza ni faida tupu, kilele kinafikiwa kwenye vitabiri vitano, kisha inaanza kushuka. Tazama pia kwamba modeli ya vitabiri vyote kumi, iliyo bora kuliko zote kwa R², ni dhaifu kuliko zote katika jedwali hili kwa kipimo kilichorekebishwa. Iko hata chini ya ile ya `wt + hp`.

Ni nini kinachoamua kigeu kibaki au kiondoke? Kuna kanuni kamili, na inastahili kukumbukwa kuliko fomula yenyewe: R² iliyorekebishwa hupanda unapoongeza kigeu kimoja ikiwa, na ikiwa tu, thamani ya t ya kigeu hicho ni zaidi ya 1 bila kujali alama ya kujumlisha au kutoa. Kwa maneno mengine, koefishenti yake iwe kubwa kuliko kosa sanifu lake.

Ihakikishe kwenye jedwali. Kutoa `drat` kuliongeza mabaki kwa 153.44 − 150.09 = 3.35. Wastani wa mabaki kabla ya kuitoa ulikuwa 150.09 / 25 = 6.00. Gawa: 3.35 / 6.00 = 0.56, na kipeuo chake cha pili, ambacho ndicho t, ni 0.75. Iko chini ya 1, kwa hiyo kuitoa kulipandisha kipimo. Kwa `disp`: ongezeko ni 6.63, wastani ni 153.44 / 26 = 5.90, uwiano ni 1.12 na t ni 1.06. Imepita 1 kwa unywele, na kuitoa kukaishusha R² iliyorekebishwa kutoka 0.8375 hadi 0.8368.

Kwa hiyo ukishakuwa na jedwali la koefishenti mbele yako, huna haja ya kuendesha modeli ya pili ili kujua kutoa kigeu kimoja kutafanya nini kwa R² iliyorekebishwa. Tazama safu ya t. Lakini kanuni hii ni ya kigeu kimoja kwa wakati. Ukitoa viwili pamoja, viwili vyenye t ndogo vinaweza kuwa vinabebana, na kutoa vyote kukaangusha modeli. Hilo hutokea sana pale vitabiri viwili vinapopima kitu kilekile, kama ujazo wa injini na idadi ya silinda.

Hatua ya 6: Jua kizingiti hicho kiko chini kiasi gani

Kizingiti cha 1 ni cha chini mno. Watafiti waliozoea kiwango cha asilimia 5 wanadai t ya karibu 2. Kwa t ya 1, kigeu kisicho na maana yoyote kina nafasi ya karibu moja katika tatu ya kupita na kuipandisha R² iliyorekebishwa. Ndiyo ile safu ya tatu iliyoyumba katika jaribio letu: kila ilipopanda, takataka ilikuwa imepita.

Mfano wa `disp` unaonyesha matokeo yake. R² iliyorekebishwa inatuambia tuibakize, maana t ni 1.06. Lakini angalia koefishenti yake katika modeli hiyo ya vitabiri vitano: ni chanya. Ukiisoma kama ilivyo, inadai kwamba magari mawili yakilingana uzito, nguvu, aina ya gia na muda wa kukimbia robo maili, lenye injini kubwa zaidi linakwenda maili nyingi zaidi kwa galoni. Yawezekana kuna maelezo ya kiufundi, ila kwa magari 32 na kosa sanifu linalokaribia koefishenti yenyewe, mimi singeijengea hoja. Kati ya 0.8375 na 0.8368 hakuna tofauti ya kumfanya mtu abebe kigeu asichoweza kukieleza.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi unapotafuta. Hesabu yote ya marekebisho inadhani kwamba p ni idadi ya vigeu ulivyoamua kuvitumia. Ukiwa na safu 20 za takataka na ukachagua moja inayofanya vizuri kuliko nyingine, ni karibu hakika kwamba utapata yenye t zaidi ya 1. Fomula itakutoza digrii moja ya uhuru, ilhali umefanya majaribio 20. Haina namna ya kujua ulichokitupa. Kwa sababu hiyo hata ile 0.8375 ya kilele cha jedwali imetiwa chumvi kidogo: imepatikana baada ya kupekua vigeu kumi, na fomula imehesabu vitano. Ukiandika ripoti, taja vigeu ulivyoanza navyo, si vilivyobaki peke yake.

Hatua ya 7: Hakikisha unalinganisha vinavyolinganika

Mara moja moja utakutana na mtu anayeapa kwamba kwake R² ilishuka alipoongeza kigeu. Kabla ya kubishana naye, muulize idadi ya uchunguzi katika modeli zote mbili. Programu nyingi huondoa kimyakimya kila mstari wa data wenye nafasi tupu katika kigeu chochote kilichomo kwenye modeli. Data ya `airquality`, nayo imo ndani ya R, ni mfano mzuri: ina siku 153, lakini modeli ya `Ozone ~ Temp` inatumia 116, na ukiongeza `Solar.R` zinabaki 111. Hizo ni data mbili tofauti, jumla ya mtawanyiko imebadilika, na ile hoja ya hatua ya 2 haifanyi kazi tena. R² inaweza kwenda upande wowote, na ile iliyorekebishwa vilevile. Ondoa kwanza mistari yenye mapengo katika vigeu vyote utakavyotumia, ndipo uanze kulinganisha:

```r
aq <- na.omit(airquality[, c("Ozone", "Temp", "Solar.R")])
nobs(lm(Ozone ~ Temp, data = aq))
nobs(lm(Ozone ~ Temp + Solar.R, data = aq))
```

Namba mbili zikitoka sawa, endelea.

Vivyo hivyo, usilinganishe modeli ya `mpg` na ya `log(mpg)` kwa R² ya aina yoyote, kwa kuwa kila moja inaeleza mtawanyiko wa kitu kingine. Na ukiondoa namba ya kuanzia kwa kuandika `mpg ~ 0 + wt`, R hubadilisha kimya namba ya chini ya fomula: badala ya umbali kutoka kwenye wastani, inapima umbali kutoka sifuri, ambao ni mkubwa zaidi. Modeli mbovu hutoka na R² inayong'aa.

Hatua ya 8: Ikiwa lengo ni kutabiri, ongeza kipimo cha nje

R² iliyorekebishwa bado inahesabiwa kwa magari yaleyale yaliyotumika kujenga modeli. Kwa mtu anayetaka kutabiri gari ambalo hajaliona, njia ya moja kwa moja ni kuacha gari moja nje, kujenga modeli kwa 31 yaliyobaki, kulitabiri lile la nje, na kurudia kwa kila gari. Kwa regresheni ya mstari huhitaji kujenga modeli 32. Mabaki ya kila gari yakigawanywa kwa moja kutoa uzito wa ushawishi wake yanatoa jibu lilelile kamili:

```r
loo <- function(m) {
  y <- model.response(model.frame(m))
  e <- residuals(m) / (1 - hatvalues(m))
  1 - sum(e^2) / sum((y - mean(y))^2)
}
loo(lm(mpg ~ wt + hp, data = mtcars))
loo(lm(mpg ~ ., data = mtcars))
```

Utaona modeli ya vigeu vyote kumi ikiachwa nyuma na ile ya viwili, na pengo likiwa pana zaidi ya lile lililoonyeshwa na R² iliyorekebishwa, ambayo iliziweka 0.8066 na 0.8148. Namba ya `loo` ikiwa chini sana ya R² iliyorekebishwa katika modeli yako mwenyewe, chapisha `hatvalues(m)` uone ni mistari ipi ina thamani kubwa kuliko mingine. Mara nyingi utakuta uchunguzi mmoja au miwili unaoshikilia koefishenti nzima, na hapo kazi yako inahamia kwenye kuukagua uchunguzi huo.